Jana Inaanzia Wapi na Kuishia Wapi? Mipaka ya Kipindi cha Siku katika Takwimu za Afya za Arua na Koboko

Ikisiri

Kila asubuhi ofisi za takwimu huulizwa swali linaloonekana jepesi: ni wagonjwa wangapi waliolazwa jana? Makala hii inaonesha kwamba jibu hutegemea namna mpaka wa saa sita usiku ulivyoandikwa katika amri ya kuhesabu. Mpaka ukiandikwa vibaya, baadhi ya kumbukumbu hupotea kati ya siku mbili na nyingine huhesabiwa mara mbili, na jumla ya mwezi haiwiani na jumla ya siku zake. Makala inafafanua kanuni ya kipindi nusu wazi, yaani kipindi kinachojumuisha mwanzo wake na kuacha nje mwisho wake, kisha inaipima kwa mfano mdogo kutoka wodini. Hatimaye inaeleza kwa nini katika ukanda wa Arua na Koboko, unaopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini, kanuni hiyo haitoshi mpaka iambatane na makubaliano kuhusu saa ya nchi ipi itakayotumika.

1. Utangulizi

Mji wa Arua uko karibu na mpaka wa Kongo. Njia ya Vurra hutoka hapo kuelekea Aru, katika jimbo la Ituri. Koboko iko kaskazini zaidi, na njia ya Oraba huiunganisha na Kaya upande wa Sudan Kusini. Wagonjwa hawasimami kwenye mipaka hiyo. Wilayani Koboko iko pia makazi ya wakimbizi ya Lobule, wanakoishi wakimbizi kutoka Kongo. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri, takwimu za pande zote za mpaka zililazimika kusomwa kwa pamoja, kwani mtu mmoja angeweza kuonekana katika vituo vya nchi mbili ndani ya muda mfupi.

Katika mazingira ya namna hiyo taarifa ya kila siku ina uzito. Ongezeko la wagonjwa wawili kutoka jana hadi leo huweza kuwa dalili ya mlipuko, na pia huweza kuwa kosa la mpaka wa saa sita usiku. Mshauri wa sera anayeisoma namba hiyo mezani hana namna ya kutofautisha mambo hayo mawili, isipokuwa kama mpaka umewekwa kwa kanuni moja isiyobadilika.

2. Utata wa saa sita usiku

Lugha yenyewe hudokeza tatizo. Mtu akisema "saa sita usiku, tarehe 12", msikilizaji anaweza kuelewa usiku unaoianza tarehe 12 au usiku unaoimaliza. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili usiku hutangulia mchana wake, na siku mpya huanza jua linapotua. Ndiyo maana husemwa "usiku wa kuamkia Jumanne", usemi unaoondoa utata kwa kuutaja mchana unaofuata. Kalenda ya kiofisi imeuhamishia mpaka huo saa sita usiku, lakini haikuja na usemi wa wazi kama huo.

Kompyuta haiwezi kuachiwa utata. Mfumo wa hifadhidata huandika tarehe na saa kwa mtindo wa saa 24, ambamo saa sita usiku huwa 00:00:00. Nukta hiyo moja ndiyo mwisho wa siku iliyopita na ndiyo mwanzo wa siku inayoanza. Swali la msingi ni hili: kumbukumbu iliyoandikwa katika nukta hiyo hasa ni ya siku ipi? Majibu yako matatu tu. Ni ya siku zote mbili, si ya siku yoyote, au ni ya siku moja iliyochaguliwa kwa kanuni. Jibu la kwanza huzaa kuhesabu mara mbili, la pili huzaa pengo, na la tatu ndilo sahihi.

3. Njia mbili zinazokosewa

Njia ya kwanza ni ile ya kutaja saa sita usiku mbili na kujumuisha zote. Katika lugha ya SQL neno `BETWEEN` hujumuisha ncha zote mbili za kipindi. Amri ifuatayo, kwa hiyo, huchukua kumbukumbu za tarehe 12 pamoja na zile za nukta ya kwanza ya tarehe 13:

```sql
WHERE aliingia BETWEEN '2024-03-12 00:00:00'
                   AND '2024-03-13 00:00:00'
```

Kesho yake amri hiyohiyo, ikisogezwa siku moja mbele, huzichukua tena kumbukumbu zilezile za nukta ya mpaka. Inaweza kudhaniwa kwamba kosa hili halina uzito, kwani ni wagonjwa wachache mno wanaoandikishwa saa sita kamili bila hata sekunde moja kuzidi. Dhana hiyo huanguka inapokutana na daftari la karatasi. Umeme au mtandao unapokatika, mhudumu huandika kwenye daftari, na baadaye karani huingiza kumbukumbu hizo katika kompyuta. Mara nyingi daftari huwa na tarehe bila saa. Uga wa kompyuta unaodai tarehe na saa ukipewa tarehe peke yake, kwa kawaida huijaza sehemu ya saa kwa 00:00:00. Kwa njia hiyo kumbukumbu zote zilizotoka kwenye daftari hukusanyika kwenye nukta ileile ya mpaka. Nukta iliyodhaniwa kuwa tupu huwa ndiyo iliyosongamana kuliko zote.

Njia ya pili hutokana na nia ya kulikwepa kosa la kwanza. Mtayarishaji huurudisha mwisho nyuma kwa sekunde moja, akaandika 23:59:59. Sasa nukta ya mpaka iko salama, ila sekunde ya mwisho ya siku imebaki bila mwenyewe. Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, hutunza wakati hadi sehemu ya milioni moja ya sekunde, na kumbukumbu ya saa 23:59:59.6 ni kubwa kuliko 23:59:59. Haiingii katika jana, na haiingii katika leo. Kuongeza tarakimu za tisa hakuondoi tatizo, kwani kila mfumo una kipimo chake cha udogo. Aina ya `datetime` katika SQL Server haiwezi kutunza 23:59:59.999. Huikadiria kwenda juu, ikawa 00:00:00.000 ya siku inayofuata, na kosa la kwanza likarejea kwa mlango wa nyuma.

4. Kipindi nusu wazi

Suluhisho ni kuacha kabisa kuitafuta nukta ya mwisho ya siku. Siku haifafanuliwi kwa nukta yake ya mwisho, bali kwa nukta ya kwanza ya siku inayofuata, ambayo yenyewe haijumuishwi:

```sql
WHERE aliingia >= '2024-03-12 00:00:00'
  AND aliingia <  '2024-03-13 00:00:00'
```

Katika hisabati kipindi cha namna hii huandikwa [a, b), mabano ya mraba yakionesha ncha inayojumuishwa na mabano ya duara ncha inayoachwa. Edsger Dijkstra, katika waraka wake mfupi wa mwaka 1982 unaojulikana kwa namba EWD831, alitetea mtindo huu kwa ajili ya mfuatano wa namba kamili. Sababu zake mbili zinauhusu wakati vilevile. Kwanza, urefu wa kipindi hupatikana kwa kutoa mwanzo kutoka mwisho, bila kuongeza wala kupunguza kitu. Pili, vipindi viwili vinapofuatana, mwisho wa kimoja huandikwa sawasawa na mwanzo wa kingine. Jicho la msomaji linaweza kuhakikisha kwamba vimeshikana bila kufanya hesabu yoyote.

Faida nyingine ni kwamba kanuni haitegemei udogo wa kipimo. Iwe saa imeandikwa kwa dakika, kwa sekunde au kwa sehemu za sekunde, kila kumbukumbu iko ama kabla ya mpaka au kwenye mpaka na baada yake. Hakuna nafasi ya tatu.

5. Mfano kutoka wodini

Chukuliwe mfano wa kubuni wa kituo kimoja chenye wodi wilayani Koboko. Tarehe 12 Machi 2024 ilipoanza, wodini walikuwamo wagonjwa 40. Katika siku mbili zilizofuata waliingia wagonjwa sita, na hakuna aliyetoka. Mgonjwa A alitoka kwenye daftari na ana tarehe 12 tu, kwa hiyo kompyuta imemwandika 12 Machi 00:00:00. B aliingia tarehe 12 saa 14:20. C aliandikishwa tarehe 12 saa 23:59:59.6. D na E walitoka kwenye daftari la tarehe 13, wakaandikwa 13 Machi 00:00:00. F aliingia tarehe 13 saa 09:15. Ukweli ni kwamba kila siku ilipokea wagonjwa watatu.

Kwa njia ya kwanza, tarehe 12 huwa na A, B, C, D na E, yaani watano. Tarehe 13 huwa na D, E na F, yaani watatu. Jumla ni 8, ilhali walioingia ni 6. Kwa njia ya pili, tarehe 12 huwa na A na B tu, na tarehe 13 watatu. Jumla ni 5, na C hayumo katika taarifa yoyote. Kwa kipindi nusu wazi kila siku hupata watatu, na jumla ni 6.

Anayepokea taarifa kutoka mbali anawezaje kuligundua kosa? Wodi yenyewe hutoa kipimo. Vituo vingi huhesabu wagonjwa waliolala wodini ifikapo saa sita usiku. Hesabu hiyo ni picha ya nukta moja, na walioingia na waliotoka ni mtiririko wa kati ya nukta mbili. Idadi ya mwanzo, ikijumlishwa na walioingia na kupunguzwa waliotoka, sharti ilingane na idadi ya mwisho. Katika mfano huu tarehe 13 inapoanza, wodini wamo 43. Njia ya kwanza hutoa 40 na 5, yaani 45. Njia ya pili hutoa 42. Kipindi nusu wazi hutoa 43. Ili ulinganifu huu usimame, picha nayo lazima ifuate kanuni ileile: huhesabiwa aliyeingia kabla ya nukta ya mpaka na ambaye hakutoka kabla yake. Anayeandikwa kuingia kwenye nukta yenyewe ni wa siku inayoanza.

Kipimo cha kulinganisha jumla ya siku na jumla ya mwezi kinafaa pia, ila kina udhaifu. Pengo la mgonjwa mmoja na marudio ya mgonjwa mmoja hufutana, na jumla ikaonekana safi ingawa siku mbili zina makosa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuorodhesha namba za utambulisho za kumbukumbu zilizoingia katika kila taarifa ya siku, kisha kuthibitisha kwamba kila namba imetokea mara moja, si zaidi wala pungufu.

6. Jana si saa 24 zilizopita

Kosa jingine hujificha katika programu inayojiendesha yenyewe usiku. Programu hiyo huweza kuagizwa ichukue kumbukumbu za saa 24 zilizopita tangu inapoanza kufanya kazi. Jumanne ikianza saa 00:05, huchukua kuanzia Jumatatu 00:05 hadi Jumanne 00:05. Jumatano umeme ukichelewa kurudi na programu ikaanza saa 00:20, huchukua kuanzia Jumanne 00:20. Dakika 15 za Jumanne zimepotea, hata kama kila kipindi kimeandikwa kwa usahihi kama kipindi nusu wazi. Ikianza mapema kuliko siku iliyotangulia, dakika huhesabiwa mara mbili.

Kwa hiyo mipaka haipaswi kutolewa kwenye saa ya programu kuanza, bali kwenye kalenda: mwanzo wa jana na mwanzo wa leo. Programu ikiendeshwa saa sita na dakika tano usiku au saa nne asubuhi, itatoa mipaka ileile. Kwa njia hiyo taarifa ya jana huweza kurudiwa wakati wowote. Hilo ni la lazima, kwani kumbukumbu za daftari huingizwa kwa kuchelewa. Ikumbukwe kwamba kipindi nusu wazi huamua kumbukumbu ni ya siku ipi, lakini hakiwezi kuiona kumbukumbu ambayo haijafika. Taarifa ya kila siku inahitaji kutaja ilitolewa lini, na ofisi iamue ni baada ya siku ngapi itakokotolewa upya.

7. Saa sita usiku ya nani?

Uganda hutumia Saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele ya saa ya kimataifa (UTC) kwa saa tatu. Mashariki ya Kongo iko mbele ya UTC kwa saa mbili. Inapogonga saa sita usiku Arua, Aru ni saa tano usiku. Seva ikipangwa kwa UTC bila kuelezwa vinginevyo, siku yake huanza saa tisa usiku ya Arua, na wagonjwa wa saa tatu za kwanza za leo huandikwa jana. Katika PostgreSQL, uga wa wakati ukiwa wa aina ya `timestamptz`, mpaka hutajwa pamoja na mahali pake:

```sql
WHERE aliingia >= timestamp '2024-03-12 00:00' AT TIME ZONE 'Africa/Kampala'
  AND aliingia <  timestamp '2024-03-13 00:00' AT TIME ZONE 'Africa/Kampala'
```

Tatizo hubaki pale taarifa za nchi mbili zinapojumlishwa. Chukuliwe mgonjwa anayetoka Arua tarehe 13 saa 00:05 na kupokewa Aru dakika 50 baadaye. Kwa saa ya Aru hapo ni tarehe 12, saa 23:55. Kila kituo kikifuata saa yake, hesabu ya mwisho wa tarehe 12 humwonesha Arua, kwa kuwa hajatoka, na humwonesha Aru pia, kwa kuwa ameshaingia. Mgonjwa anayekwenda upande wa pili hupatwa na kinyume chake. Akiondoka Aru tarehe 12 saa 23:20, na kuingia Arua tarehe 13 saa 01:00 kwa saa ya Uganda, hesabu ya mwisho wa tarehe 12 haimwoneshi popote. Hakuna kituo kilichokosea. Pengo na marudio vimezaliwa na siku mbili zenye jina moja na mipaka tofauti.

Tiba si kuzilazimisha nchi ziwe na saa moja. Kila kumbukumbu itunzwe pamoja na tofauti yake na UTC, taarifa ya ndani ifuate siku ya nchi husika, na taarifa ya pamoja ya mpakani ifuate siku moja iliyokubaliwa na kuandikwa wazi juu ya jedwali. Katika mfano wa kwanza, saa ya Uganda ikitumika kote, mgonjwa alitoka 00:05 na kupokewa 00:55, zote tarehe 13. Nukta ya 00:00 inamkuta Arua peke yake.

Sudan Kusini inatoa funzo la mwisho. Hadi mwisho wa Januari 2021 saa yake ilikuwa sawa na ya Uganda. Tarehe 1 Februari 2021 nchi hiyo ilihamia saa mbili mbele ya UTC. Usiku ule, ilipofika saa sita, saa zilirudishwa nyuma hadi saa tano. Kwa hiyo tarehe 31 Januari 2021 upande wa Kaya ilikuwa na saa 25, ilhali upande wa Oraba ilikuwa na 24. Programu iliyopata mwisho wa siku kwa kuongeza saa 24 kwenye mwanzo wake iliifunga tarehe 31 saa moja kabla ya wakati. Programu iliyoiuliza kalenda ya `Africa/Juba` saa sita usiku ya tarehe 1 Februari ni nukta ipi ilipata saa zote 25 bila kubadilishwa chochote, ilimradi orodha yake ya kanda za saa ilikuwa imesasishwa.

8. Hitimisho

Jana ni kipindi kinachoanza na saa sita usiku yake na kukoma kabla ya saa sita usiku ya leo, kwa kalenda ya mahali palipotajwa. Ofisi inayopokea taarifa za kila siku kutoka Arua na Koboko inaweza kudai mambo matatu kabla ya kuzitumia: kwamba mwisho wa kipindi haujumuishwi, kwamba mipaka imetokana na kalenda na si na saa ya programu kuanza, na kwamba saa ya nchi iliyotumika imeandikwa kwenye jedwali. Kisha iijumlishe hesabu ya wodini ya usiku uliopita na walioingia, ipunguze waliotoka, na iangalie kama inaifikia hesabu ya usiku unaofuata. Isipoifikia, kabla ya kutafuta mlipuko, zitazamwe kwanza kumbukumbu zilizoandikwa 00:00:00.